Pengo la Milimita 20

Ukuta wa paneli za zege haukalii sakafu moja kwa moja. Unakalia pengo. Kati ya ukingo wa chini wa paneli na zege la ghorofa huachwa nafasi ya kama milimita 20, upana wa kidole gumba. Paneli inaposhushwa na kreni, hutua juu ya vipande viwili vya chuma vya kusawazishia, kila kimoja kikubwa kama kiganja, na kwa muda huo uzito wake wote uko hapo. Baadaye mafundi huja na grauti, uji mzito wa saruji, mchanga laini na viambato vinavyouzuia kunywea, wakalijaza pengo lote. Ikishakauka, ukuta unakuwa umekalia urefu wake mzima.

Tupige hesabu kwa paneli moja, na hiyohiyo tutaifuata hadi mwisho. Ina urefu wa mita 4, kimo cha mita 2.8 na unene wa milimita 150. Grauti ikijaa, uzito unasambaa kwenye eneo la milimita za mraba 600,000. Isipojaa, unabaki juu ya vile vipande viwili, ambavyo kwa pamoja, kila kimoja kikiwa milimita 100 kwa 100, vina milimita za mraba 20,000 tu. Tofauti ni mara 30. Ukuta hautaanguka siku hiyo. Utasimama wima, utapigwa lipu na rangi, familia itahamia, na hakuna atakayejua kilichomo ndani ya pengo.

Kwa sababu hiyo kazi ya paneli huwa na hati ya ubora: faili linaloeleza kila hatua ifanyweje, ipimwe kwa nini na isainiwe na nani. Mtu asiyelizoea huona sura tano zisizohusiana: vipimo, nanga za kunyanyulia, utunzaji, usimamishaji na ujazaji wa viungo. Kwa kweli zote zinalinda kitu kimoja. Kila sura inahakikisha kwamba pengo litakuwa na ukubwa unaofaa, mahali panapofaa, na kwamba litajaa.

Kosa linaloruhusiwa

Hakuna kiwanda kinachotoa paneli ya mita 4 kamili. Kalibu ya chuma hutanuka kwa jua, mbao za pembeni husogea zege linapotetemeshwa, na zege lenyewe hunywea likikauka. Hati haidai ukamilifu. Inaweka kiasi cha kosa kinachoruhusiwa. Kwa paneli yetu tuseme ni milimita 6 kuzidi au kupungua, kwa urefu na kwa kimo.

Sasa tuangalie pengo. Paneli imezidi kimo kwa milimita 6, nayo imekubalika. Sakafu chini yake imepanda milimita 8 kuliko mchoro, nayo imekubalika katika hati ya sakafu. Juu ya paneli lazima ghorofa inayofuata ianze kwenye kimo chake, kwa hiyo milimita 14 zinaondoka katika pengo. Zilizobaki ni 6. Grauti haipenyi vizuri katika upenyo wa milimita 6 wenye kina cha milimita 150: huingia kidogo, hukwama, na ndani hubaki hewa. Hakuna aliyekosea, lakini pengo limeharibika. Ndiyo maana hati nzuri haiishii kupima paneli. Huweka pia mipaka ya pengo lenyewe, mathalani lisipungue milimita 10 wala lisizidi 30, na kutaka sakafu ipimwe kimo mahali ambapo kila paneli itakaa, siku kadhaa kabla ya kreni kufika.

Kosa la urefu lina hila nyingine: hujumlika. Chukua ukuta wa paneli 6 zilizopangwa kwa mstari, kila moja imezidi milimita 5. Zote ziko ndani ya kiwango. Fomeni akianza upande mmoja na kupima kila paneli kutoka kwa iliyotangulia, akiacha milimita 20 za kiungo cha wima kila mara, paneli ya mwisho itatokeza nje milimita 30.

Balaa huanza kabla ya hapo. Chini ya kila paneli kuna mirija miwili iliyoachwa ndani ya zege, na kutoka sakafuni hutokeza nondo zinazoingia katika mirija hiyo. Mrija una kipenyo cha milimita 50 na nondo 20, kwa hiyo kila upande kuna nafasi ya milimita 15. Katikati ya paneli ya kwanza pamesogea milimita 2.5, ya pili 7.5, ya tatu 12.5, ya nne 17.5. Paneli ya nne haiingii. Inaning'inia kwenye kreni, kodi ya kreni inahesabiwa kwa saa, na mtu anaagiza nondo ipindwe kwa nyundo au ikatwe. Nondo iliyokatwa ni kiungo kilichokufa, nayo itafichwa na grauti isionekane tena. Dawa yake imo katika mstari mmoja wa hati: kila paneli ipangwe kutoka kwenye mistari mikuu ya jengo, kamwe isipimwe kutoka kwa jirani yake, ili kila kiungo cha wima kimeze kosa la paneli yake.

Nanga na urefu wa mnyororo

Paneli yetu ina mita za ujazo 1.68 za zege. Kwa tani 2.5 kwa kila mita ya ujazo, ina uzito wa tani 4.2. Hunyanyuliwa kwa nanga mbili zilizozikwa katika ukingo wake wa juu: vipande vya chuma vyenye kichwa cha kushikiwa na ndoano maalumu, na mguu unaong'ang'ania ndani ya zege. Kila nanga huandikwa kichwani uwezo wake. Tuseme hizi ni za tani 4.

Mtu wa kawaida ataona tani 8 za uwezo kwa mzigo wa tani 4.2 na kutulia. Lakini kreni haivuti polepole kama mizani. Kila ikianza na kila ikisimama, mzigo huruka, na mhandisi huongeza kwa mfano asilimia 30. Tani 4.2 zinakuwa 5.46, nusu yake kwa kila nanga ni 2.73. Halafu ipo pembe ya minyororo. Minyororo miwili inayokutana juu kwenye ndoano haivuti nanga wima. Huivuta kwa mshazari, na kadiri pembe kati yao inavyopanuka ndivyo mvuto unavyokua. Pembe ya nyuzi 60 inafikisha tani 3.15 kwa kila nanga. Nyuzi 90 zinafikisha 3.86, ukingoni kabisa. Nyuzi 120 zinafikisha 5.46, na hapo nanga ya tani 4 imezidiwa.

Fundi aliye chini ya kreni hana kipimapembe, na hati nzuri haimtaki awe nacho. Inamwambia kwa lugha ya mnyororo. Nanga zetu ziko mita 2.4 kutoka moja hadi nyingine. Mnyororo wenye mita 2.4 hufanya pembetatu ya pande sawa, na ukiwa mrefu zaidi pembe haizidi nyuzi 60. Mnyororo wa mita 1.4 unafanya nyuzi kama 120. Hivyo tofauti kati ya kunyanyua salama na kung'oa nanga ni mita moja ya mnyororo, kitu ambacho mtu anaweza kukiona kwa macho kabla hajatoa ishara.

Jambo la pili ni umri wa zege. Uwezo ulioandikwa kwenye nanga unategemea zege lililoishika, na watengenezaji wengi hutaka lifikie angalau megapaskali 15 kabla ya kunyanyuliwa mara ya kwanza. Paneli iliyomwagwa saa kumi jioni ikatakiwa kutolewa saa mbili asubuhi ina saa 16 tu. Katika joto la Dar es Salaam huenda ikafika. Katika baridi ya Julai kule Iringa au Limuru huenda isifike. Jibu hutolewa na michemraba ya zege lilelile, iliyolala usiku kucha kando ya paneli na kuvunjwa kwa mashine asubuhi. Michemraba iliyokaa ndani ya maabara yenye joto hueleza habari za maabara.

Na nanga isiwe nondo ya mistari iliyokunjwa kuwa kitanzi na fundi kiwandani. Nondo ya aina hiyo ikikunjwa kwa kona kali inaweza kuwa na ufa usioonekana pale ilipokunjwa, na hukatika ghafla bila kunyooka kwanza. Alama ya hatari kwa nanga halali ni ufa unaoizunguka kwa umbo la duara: maana yake zege linataka kung'oka kama faneli pamoja na chuma. Ukionekana, paneli hushushwa na haipandishwi tena kabla mhandisi hajaamua.

Ikilala vibaya, itasimama vibaya

Paneli hukaa uwanjani siku au wiki nyingi, na hapo ndipo nyingi hupinda. Paneli za ukuta husimamishwa kwenye fremu ya chuma yenye umbo la herufi A, na hupakiwa kwa zamu, moja kushoto na moja kulia. Ukipakia upande mmoja paneli tatu za tani 4.2 huku wa pili mtupu, umeweka tani 12.6 zinazotaka kuipindua fremu, na watu wamekufa kwa njia hiyo.

Paneli za sakafu, ambazo hulazwa, zina kanuni inayowashangaza wengi: mbao mbili za kuegemea ni bora kuliko tatu. Mbao mbili zikiwekwa mahali palipochorwa, karibu moja ya tano ya urefu kutoka kila ncha, kila moja hubeba nusu. Ukiongeza ya tatu katikati kwa nia njema, mvua ikanyesha na udongo wa kando ukadidimia kidogo, paneli nzima inabaki imekalia ule ubao wa katikati. Upande wa juu hupasuka, kwa sababu nondo nyingi ziko chini. Katika rundo, mbao za kila tabaka lazima zifuatane wima, juu ya zilizo chini yake. Ubao ukihama nusu mita, uzito wa paneli zote za juu unakandamiza mahali pasipotarajiwa.

Mirija ya nondo na matundu ya nanga huzibwa kwa vifuniko tangu kiwandani. Bila vifuniko huingia mchanga, majani na maji, na nyigu hujenga humo. Udongo wa nyigu mmoja unatosha kuzuia grauti, na hauonekani kutoka nje. Hati hutaka kila mrija uchunguzwe kwa tochi na kupitishwa fimbo kabla paneli haijaondoka ardhini, kwa kuwa ikishasimama juu ya pengo hakuna anayeweza kuingiza fimbo.

Kusimama bila kushikwa

Paneli yetu ina eneo la mita za mraba 11.2. Ni tanga la zege. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, msukumo wake unakua mara nne, kwa hiyo hati huandika kasi ya upepo ambayo kreni husimama, na kipimo huwa juu kwenye mkono wa kreni. Kilicho chini getini hakitoshi, kwa sababu upepo wa juu una nguvu zaidi.

Paneli ikishatua juu ya vipande vyake viwili, hufungwa propu mbili za chuma kwa mshazari, juu kwenye paneli na chini kwenye sakafu, zote kwa boliti. Fundi huigeuza skrubu ya propu hadi paneli isimame wima kwa timazi au kwa mashine ya upimaji. Baada ya hapo tu ndoano ya kreni hufunguliwa. Mpangilio huo haubadilishwi, hata kama kreni ina foleni ya paneli kumi, kwa sababu paneli iliyofunguliwa kabla ya propu ya pili inazunguka kwenye mhimili wa ile ya kwanza.

Propu hazitoki kwa kuhesabu siku. Hutoka grauti ya paneli hiyo ikishafikia nguvu iliyoandikwa, kwa matokeo ya michemraba ya grauti hiyo, na mhandisi akishasaini. Watu hukosea hapa mara nyingi, maana ghorofa ya juu inasubiri propu hizohizo.

Kulijaza pengo

Kwanza pengo husafishwa kwa hewa ya mashine, kisha zege hulowanishwa hadi lisinyonye tena, na maji yaliyotuama huondolewa. Zege kavu hunyonya maji ya grauti, nayo huganda kabla ya kufika upande wa pili. Maji yaliyotuama huifanya iwe nyepesi. Kisha pande zote huzibwa kwa mbao na sponji.

Maji ya kukorogea hupimwa kwa kopo lenye alama, kadiri mfuko unavyoelekeza. Fundi akiongeza kidogo ili itiririke haraka, chembe nzito huzama na maji hupanda. Juu ya pengo, pale hasa paneli inapotakiwa kukaliwa, maji hayo hukauka na kuacha utando wa hewa. Grauti inaonekana imejaa ukiitazama kwa mbele, ilhali haigusi ukuta. Kwa sababu ya jua, kazi hii hufanywa asubuhi na mapema: paneli iliyochomwa na jua la mchana hugandisha grauti njiani.

Humiminwa kutoka upande mmoja tu, mfululizo, hadi itokeze upande wa pili kwa urefu wote. Ikimiminwa pande mbili, hewa hufungiwa katikati. Mirija hujazwa kwa pampu kutoka tundu la chini mpaka grauti itoke tundu la juu bila mapovu.

Inajulikanaje kwamba imejaa? Kugonga kwa nyundo na kusikiliza husaidia, na mahali penye shaka hutobolewa tundu dogo na kuchunguzwa kwa kamera nyembamba. Lakini kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha karani wa stoo. Pengo la paneli yetu, mita 4 kwa milimita 150 kwa milimita 20, linameza lita 12. Mirija miwili yenye kina cha milimita 600, ukitoa nafasi ya nondo, inameza karibu lita 1 kila mmoja. Jumla ni lita 14. Mfuko wa kilo 25 wa bidhaa nyingi hutoa kama lita 12.5 za grauti. Ghorofa yenye paneli 24 inahitaji lita 336, yaani mifuko 27, bila kuhesabu inayomwagika. Sasa fungua daftari la stoo. Likionyesha mifuko 19 imetoka, zimeingia lita 237 hivi. Lita karibu 98 hazipo, nazo ni mapengo ya paneli nane. Vipande vya chuma huchukua chini ya nusu lita kwa kila paneli, kwa hiyo si wao. Hapo hahitajiki mtaalamu: ghorofa ina mashimo.

Kilichokuwa ndani ya viungo vya Ronan Point

Alfajiri ya Mei 16, 1968, mashariki ya London, gesi ililipuka katika nyumba moja ya ghorofa ya 18 ya jengo la Ronan Point. Lilikuwa na ghorofa 22, la paneli za mfumo wa Kidenmaki, na watu walikuwa wamehamia miezi miwili tu. Mlipuko ulisukuma nje ukuta wa pembeni uliobeba uzito. Ghorofa za juu zikakosa pa kukalia na kuporomoka, na uzito wao ukavunja za chini moja baada ya nyingine, mpaka kona nzima ya jengo ikalala chini. Watu 4 walikufa na 17 waliumia. Uchunguzi ulioongozwa na Hugh Griffiths ulionyesha kwamba muundo haukuwa na njia nyingine ya kubeba uzito ukuta mmoja ukiondoka, na mwaka 1970 kanuni za ujenzi za Uingereza zilibadilishwa ili majengo ya ghorofa tano na zaidi yastahimili hali hiyo.

Kona ilijengwa upya na watu wakarudi. Mwaka 1986, baada ya kampeni ndefu ya msanifu majengo Sam Webb, jengo lilibomolewa kwa kufunguliwa paneli moja moja, na viungo vikaonekana. Vingi havikuwa vimejazwa sawasawa. Ndani yake mlikuwa na taka na magazeti yaliyosokotwa. Chini ya kuta, uzito ulikuwa umekalia boliti za kusawazishia, kama vile paneli yetu inavyokalia vipande vyake viwili kabla ya grauti.

Tusichanganye mambo. Viungo vilivyojaa peke yake visingeukomboa muundo uliokosa vifungo vya kutosha kati ya kuta na sakafu. Hati ya ubora haimsahihishi mhandisi aliyechora vibaya. Inahakikisha tu kwamba kilichochorwa ndicho kilichojengwa. Lakini kwa miaka mingi familia zililala juu ya viungo vile bila kujua, kwa kuwa hapakuwa na ukurasa wa kumwambia mtu yeyote kilichoingizwa humo.

Ukurasa huo ndio ningeuomba kwanza kama ningekuwa nanunua nyumba katika jengo la paneli. Una namba ya paneli, ukubwa wa pengo kabla ya kujazwa, picha yake likiwa wazi na safi, idadi ya mifuko, matokeo ya michemraba, tarehe propu zilipotoka, na saini ya mtu aliyesimama pale. Ningeuliza pengo lilimeza lita ngapi, kisha ningepiga hesabu mwenyewe.